Kumi na Tatu Kwenye Plagi ya Blenda

Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya umeme pale Otonglo miaka tisa, na kama kuna kitu kimenichosha duniani ni neno "kubwa". Mtu anaingia, amebeba vumbi lote la barabara ya Busia kwenye viatu, anasema, "Nipatie fyuzi." Namuuliza ni ya nini. Anasema ni ya plagi. Najua ni ya plagi, fyuzi ya plagi haiwekwi kwenye chai. Namuuliza plagi ya kitu gani, naye anaanza kunikasirikia. "Wewe nipatie ile kubwa. Ile ndogo inaungua-ungua."

Hapo ndipo nilipokuwa natoa hotuba yangu. Niliitoa mara nyingi mpaka mwenye duka, mzee ambaye kazi yake kubwa ni kukaa nje na redio, akawa anaimalizia yeye kwa sauti kutoka kwenye kiti. Kwamba fyuzi hailindi mashine, inalinda waya. Kwamba ile nambari si nguvu, ni mpaka: tatu inaruhusu moto kidogo wa stima kupita, kumi na tatu inaruhusu mwingi. Kwamba angalia nyuma ya mashine yako, kuna wati zimeandikwa. Gawanya kwa mia mbili na arobaini, utapata ampea zako. Birika la stima lina wati elfu mbili, hiyo ni ampea nane na kitu, mpe kumi na tatu. Blenda ina mia tatu na hamsini, hiyo ni ampea moja na nusu, mpe tatu. Na ukiweka kumi na tatu kwenye blenda, siku mashine ikikwama, waya mwembamba utapikika kama uji na fyuzi itakaa pale ikitazama tu.

"Basi nipatie kubwa," mtu anasema.

Nilikuwa nauza. Ningefanya nini? Nilikuwa nawacheka, hiyo ndiyo kweli. Nikifika nyumbani Migosi nilimsimulia mama yangu kwa simu, tukacheka wote wawili, wakati mama yangu alipokuwa bado anacheka kwa maneno.

Mama alianguka shambani kwao Seme, asubuhi, akiwa na jembe mkononi. Kiharusi. Walimpeleka hospitali ya Kombewa, na nilipofika alikuwa amelala akiangalia dari, upande wake wote wa kulia umelala zaidi kuliko yeye. Maneno yalikuwa yameondoka. Si kwamba akili iliondoka, akili ilikuwa pale pale, kali kama zamani; ukisema upuuzi mbele yake alikuangalia hivi na ulijua umesema upuuzi. Lakini mdomoni hakutoka kitu ila mngurumo wa koo. Na koo lenyewe halikumeza sawasawa. Nesi aliniita kando akaniambia chakula chote kisagwe kiwe laini, kizito kama uji wa mtoto, kisiwe na bonge hata moja, na akae wima akila. Bonge likipita njia ya hewa, alisema, utamrudisha hapa na kifua, na sijui kama utaondoka naye tena.

Nikamleta Migosi. Nyumba yangu ni ya kupanga, vyumba viwili, na chumba cha mbele ndicho sebule, jikoni na sasa wodi. Kitanda chake nilikiweka ukutani, meza ya kupikia upande wa pili. Wiki za kwanza nilikuwa naponda chakula kwa mwiko na kukipitisha kwenye chujio la chai. Mlo mmoja, saa nzima. Naamka gizani, naponda cha asubuhi na cha mchana, cha mchana nakitia kwenye chupa ya moto, namwachia jirani yangu ufunguo awe anamchungulia, nakimbilia Otonglo kuuza fyuzi. Jioni narudi, naponda tena. Mikono iliuma hata nikiandika. Sitaki kujifanya malaika: kuna siku niliponda nikilia, na si kwa huruma, kwa hasira. Ndugu zangu wote wawili wako Nairobi, na kila mmoja alikuwa ananitumia ujumbe wa kuniombea.

Jambo moja tu lilikuwa rahisi. Mama hakukubali kulishwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima, na aliutumia. Nilikuwa naweka bakuli mapajani mwake, naye anashika kijiko kwa ule mkono ambao haukuzoea, anakipeleka mdomoni polepole, nusu inamwagika kwenye kanga. Nikinyoosha mkono kumsaidia, ananisukuma. Mwanamke huyu alilima peke yake, akamzika baba, akatusomesha. Sasa kila kitu kilikuwa kimechukuliwa ila kijiko. Nilijifunza kukaa mbali na kumwacha. Alikula kama dakika arobaini, na mwisho aliweka kijiko chini kwa kelele, makusudi, ili nisikie kwamba amemaliza mwenyewe.

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kina vitu vyake: sufuria za matanga, viti vya plastiki, na blenda moja. Blenda ilinunuliwa kwa sababu ya akina mama wenye watoto wachanga na watu wenye wagonjwa, na huzunguka nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mkubwa wa mwili na mkubwa zaidi wa sauti, ndiye aliyenipangia zamu. "Nyar Seme," aliniambia, maana ndivyo wanavyoniita, binti wa Seme, "wewe chukua, kaa nayo mpaka mama apate nafuu."

Kuna namna yetu ya kukabidhiana. Kitu cha kikundi hakirudi kimya kimya. Aliyekuwa nacho anakileta mbele ya wenzake, tunaomba, kisha anakichomeka kwenye soketi na kukiwasha ili kila mtu aone kinarudi kikiwa hai. Blenda inanguruma tupu, haina kitu ndani, akina mama wanapiga makofi, anayeipokea anaibeba. Kurudisha kitu kimekufa ni aibu. Hakuna atakayekutukana, watasema tu "pole", lakini ile pole utalala nayo mwaka mzima.

Sasa mtu akitoka na blenda ya aina hiyo, ikafa mikononi mwake siku mbili kabla ya kuirudisha, atafanya nini? Atafanya ihuike, kwa namna yoyote. Mimi nilijua hivyo kwa sababu akina mama hao hao ndio wanaokuja dukani.

Kwa hiyo nilipoifikisha nyumbani, kabla hata ya kuiosha, nilichukua bisibisi nikafungua plagi. Ni mazoea, mwalimu akiona karatasi lazima asahihishe. Ndani nilikuta kumi na tatu. Bila shaka ilitoka kwenye pasi ya mtu. Nikaufuata waya, nikaona mwingine amekwisha kubadilisha hata huo: badala ya ule mfupi wa kiwandani, walifunga mwembamba, mrefu, wa kufungia taa ya mezani, ili ufike mbali. Nilitukana peke yangu. Mama alinitazama kutoka kitandani kuuliza kuna nini, nikamwonyesha ile fyuzi na maandishi yake ya rangi ya kahawia, nikamwambia, "Mama, unawaona rafiki zangu wanavyotaka kutuchoma?" Akanguruma, na nilijua ni kicheko.

Nikatia tatu, ile ya maandishi mekundu. Waya niliuacha, nilisema nitaubadilisha mwisho wa wiki. Ulikuwa umezidi urefu, kwa hiyo ule uliobaki niliukunja duara, nikaufunga kwa uzi, nikauchomeka kati ya godoro na ukuta usije ukaning'inia. Soketi ya chumba kile ni moja, nayo iko kichwani mwa kitanda.

Blenda ilibadilisha maisha yangu. Dakika tano tu, maharagwe na viazi vinakuwa laini kama losheni. Nilipata usingizi. Nilianza hata kuchana nywele.

Kisha fyuzi ikakatika. Ilikuwa asubuhi, blenda imejaa ndengu nzito, nikawasha, ikafanya "mm" kama mtu aliyenyanyua gunia likamshinda, ikanyamaza. Nikatoa fyuzi, imekufa. Nikatia tatu nyingine kutoka mfuko wa aproni, nikapunguza ndengu, ikazunguka. Baada ya siku nne ikakatika tena. Wiki iliyofuata, tena.

Mtu angekuja dukani na hadithi hiyo ningemwambia nini? Ningemwambia: mama, fyuzi haina ubaya wowote, inakuambia kuna ugonjwa. Ningemuuliza kama mota inanuka, kama kisu kinazunguka kwa urahisi ukikisukuma kwa kidole, kama inapata shida kuanza. Nilikisukuma kwa kidole. Kilikuwa kizito. Kile kikombe cha chuma kinachoshika mhimili kilikuwa kikavu na kimelika, mota ilikuwa inasukuma kama mtu anayefungua mlango uliovimba kwa mvua, na kila ikianza ilinyonya stima kupita kiasi. Kazi ya fundi ya siku mbili au tatu. Siku mbili au tatu za mwiko na chujio. Nilitazama mwiko pale ukutani na nikachoka kabla ya kuugusa.

Nikasema nitaipeleka wiki ijayo.

Jumapili ndipo nilipofanya mwenyewe. Nilikuwa nimewasha blenda kabla ya ibada, ikafanya "mm", ikanyamaza. Nikatia mkono mfukoni mwa aproni, hakuna fyuzi. Muuza fyuzi hana fyuzi. Mganga hajigangi, ndivyo wanavyosema, na hapo mimi ndiye niliyekuwa mganga. Duka letu limefungwa Jumapili, na duka la jirani pale mtaani linauza sigara na mkate. Mama alikuwa ameshakaa wima, kanga imefungwa shingoni, kijiko mkononi mwa kushoto. Anangoja. Hakunung'unika. Ningependa kama angenung'unika.

Birika langu la stima lilikuwa pale mezani. Nilifungua plagi yake, nikatoa kumi na tatu, nikaitia kwenye plagi ya blenda. Nilifanya hivyo haraka, na nilimpa mama mgongo. Kwa nini nilimpa mgongo, kama sikujua ninachofanya? Nilijua. Nilijua kuliko mtu yeyote katika mtaa ule. Nilijiambia ni kwa leo tu.

Ikazunguka. Mama akala.

Jumatatu nilifika dukani kwenye sanduku lililojaa fyuzi za tatu, na sikuchukua hata moja. Nimejaribu kukumbuka kama nilisahau, na ukweli ni kwamba sikusahau. Mchana ule mwanamke mmoja alikuja kutaka fyuzi ya blenda, "ile kubwa", na mdomo wangu ukamtolea hotuba yote, wati na mgawanyo na waya unaopikika kama uji, na mzee wa duka akaimalizia kutoka nje. Mwanamke akashawishika, jambo ambalo hutokea mara moja kwa mwaka, akanunua ya tatu. Mimi nikarudi nyumbani kwenye kumi na tatu yangu. Blenda ilikuwa haikati fyuzi tena. Iliguna, ilinuka kidogo, lakini ilizunguka, na mama alikula, na mimi nililala. Hivyo ndivyo siku tisa zilivyopita. Nilielewa kwa nini watu wanapenda ile kubwa. Inakuacha upumzike.

Siku ya kumi ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nimejaza viazi vya jana na maharagwe, vimeshikana kwa baridi, na nilikuwa na haraka. Nikawasha, ikaanza kusaga, stima ikapotea. Mtaa mzima. Wenzangu wa Kisumu wanajua: stima ikipotea hushangai, unasonya na kuendelea na jambo jingine. Jambo jingine lilikuwa maji. Bomba la ploti lilikuwa limefunguliwa na foleni ya ndoo ilikuwa inatembea. Nilichukua ndoo mbili nikatoka. Swichi ya blenda sikuizima. Ya ukutani pia sikuizima. Blenda ilikuwa imesimama kimya, na kitu kilichosimama kimya mtu hukisahau.

Nilikuwa wa tatu kwenye foleni stima iliporudi. Redio za watu zilianza kusema zote kwa pamoja. Nilisikia, nikafurahi, nikajiambia nikirudi nimalizie kusaga. Sikufikiria kwamba mle ndani blenda ilikuwa imeshawashwa, kisu kimeshikwa na viazi baridi, mota inasukuma na haizunguki. Mota isiyozunguka hula stima mara nyingi kuliko inayozunguka. Fyuzi ya tatu ingekatika ndani ya sekunde chache, na leo ningekuwa nasimulia jinsi ilivyokata fyuzi mara ya tano. Ile ya kumi na tatu haikuona ajabu. Kwake huo ulikuwa mzigo mdogo, mdogo kuliko birika la chai.

Lakini waya haukuwa wa birika. Ulikuwa wa taa ya mezani, na ulikuwa umekunjwa duara, umefungwa kwa uzi, umebanwa kati ya godoro na ukuta mahali ambapo joto halina pa kutokea. Ukaanza kupikika pale pale, kando ya kichwa cha mama yangu.

Hakuweza kupiga kelele. Jirani yangu alisema baadaye kwamba alisikia mngurumo, akadhani ni blenda. Labda ilikuwa blenda. Labda vyote viwili.

Nilipofungua mlango nilikutana na ule moshi wa plastiki, mweupe, unaokamata kooni. Ndoo niliziachia hapo hapo. Mama alikuwa nusu kitandani nusu chini, mguu wake mfu umenasa kwenye shuka, na kona ya blanketi ilikuwa inaungua bila mwali, doa jeusi linapanuka na ukingo mwekundu. Mkononi mwake wa kushoto alikuwa ameshika waya. Plagi ilikuwa imechomoka kwenye soketi, inaning'inia. Aliivuta. Swichi iko juu, hakuifikia, kwa hiyo alishika alichokifikia, na alichokifikia ni ule mkunjo, na plastiki yake ilikuwa imeshakuwa laini. Alivuta mpaka plagi ikatoka. Hakuuachilia hata baada ya hapo, kwa sababu kiganja kilikuwa kimegandana nao.

Nilimwagia blanketi ndoo iliyobaki na maji. Kisha nikaukata waya kwa kisu pande zote mbili za ngumi yake, nikautia ule mkono kwenye beseni la maji ya bomba, na jirani akaenda kutafuta gari. Mama hakulia. Aliangalia mkono wake ndani ya beseni, akaniangalia mimi, akaangalia mkono tena.

Hospitalini daktari aliuliza imekuwaje. Nikasema, "Ni mambo ya stima." Aliandika. Alisema tumeponea chupuchupu, kwamba dakika tano zaidi godoro lingeshika, na moshi wa godoro haumpi mtu nafasi. Alisema ngozi ya kiganja itapona kwa miezi, na vidole vitajikunja. Hakuahidi kama vitashika kitu tena. Alimfunga bandeji mpaka kwenye kifundo, mkono ukawa bunda jeupe.

Tuliporudi nilifungua ile plagi. Sijui nilitaka nini. Nilitoa fyuzi, nikaipima kwa kile kipimo changu cha dukani, kikalia. Ilikuwa nzima kabisa, inang'aa, ningeweza kuirudisha kwenye birika na kuchemsha chai. Nilikaa na hicho kitu kiganjani muda mrefu. Nilijichukia, nasema wazi.

Akina mama wa kikundi walikuja Jumamosi na maombi, maziwa na mkate. Walijaa chumba kizima. Mwenyekiti aliomba kwa ile sauti yake, akamshukuru Mungu kwa kuzima moto, akamkemea shetani wa ajali. Nikaona nisipozungumza, shetani atabeba lawama yangu mpaka kaburini. Nikatoa blenda chini ya meza, haina waya, chini imeyeyuka, nikaiweka katikati yao.

"Inarudi imekufa," nikasema. "Na si ajali."

Nikawaeleza. Niliwaambia nilivyoikuta na kumi na tatu, nilivyoitoa, na jinsi nilivyoirudisha mwenyewe nikijua. Niliwaambia ilikuwa inakata fyuzi kwa sababu ilikuwa mgonjwa, na kwamba haikuanza kuugua kwangu, na kwamba ile namna yetu ya kuiwasha tupu mbele ya watu haionyeshi chochote, maana blenda tupu huzunguka hata ikiwa mahututi. Mmoja alianza kukunja leso yake, akaikunjua, akaikunja. Mwishowe mwenyekiti alisema, taratibu, sauti ambayo sikujua anayo, "Ile ya pasi niliweka mimi. Ilikufa kwangu siku ya harusi ya binti yangu. Niliona haya."

"Na waya?" mwingine akauliza.

"Waya sijui."

Waya mpaka leo hakuna anayeujua. Walisema pole. Walikunywa chai iliyochemshwa kwa mkaa, wakaondoka mapema kuliko kawaida yao.

Mama alikuwa amesikia yote. Nilikuwa nimesahau kwamba anasikia. Ukikaa na mtu asiyesema, unafika mahali unamsahau akiwa hapo hapo. Nilipofunga mlango nilimkuta ananiangalia, na hayakuwa yale macho ya kwamba nimesema upuuzi. Yalikuwa yananingoja.

Nikavuta kiti. Nikamwambia kwa Kijaluo, kwa sababu kwa lugha nyingine isingekuwa yeye ninayemwambia. "Mama, ni mimi. Siku ile ya Jumapili nilikupa mgongo nikaiweka. Nilijua inaweza kufanya hivi. Nilikuwa nimechoka."

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza uso ukutani, pale palipobaki doa jeusi, akakaa hivyo mpaka jua likaondoka dirishani. Sikumgusa. Nilishika mwiko na chujio nikaponda maharagwe, saa nzima, mikono ikauma, na safari hii sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Nikaleta bakuli, nikaliweka mapajani mwake kama kawaida. Akageuka. Akaangalia kijiko. Lile bunda la bandeji likainuka kidogo kutoka kwenye shuka, likakielekea, likagusa ukingo wa bakuli, kijiko kikateleza kikaanguka chini. Nilikiokota, nikakifuta. Tulitazamana, na nilimwona akihesabu waliopo mle chumbani.

Nilikuwepo mimi tu. Akafungua kinywa.